Pa kusema na pa kunyamaza: namna ya kuandika skripti ya mwongozo wa gemu ya kutisha

Kwenye video yangu ya hospitali ya San Cristobal kuna sekunde 19 ambazo sisemi neno. Amanda Ripley, mhusika tunayemchezesha, yumo ndani ya kabati la chuma, zimwi linalomwinda limesimama nje, na kinachosikika ni pumzi zake na hatua nzito sakafuni. Sekunde hizo zilinigharimu muda mwingi kuziandika kuliko dakika nzima ya maelezo iliyozitangulia. Nasema kuziandika kwa sababu kimya kwenye video ya mwongozo ni mstari wa skripti kama mistari mingine: kina mahali kinapoanzia, kina urefu, na kina kazi kinayofanya.

Hapa nitaeleza ninavyoandika skripti ya aina hiyo, kwa kutumia gemu moja, Alien: Isolation, na kipande chake kimoja tu. Nimeichagua kwa sababu inamnyima mwandishi wa mwongozo kitu alichokizoea. Kwenye gemu nyingi adui hukaa mahali pake, nawe unamwambia mtazamaji: mlango wa pili, maadui watatu, piga wa kulia kwanza. Kwenye hii huwezi. Zimwi haliuawi, wala halifuati njia moja. Ukicheza sehemu ileile mara tano litakujia kwa njia tano.

Gemu ilitoka tarehe 7 Oktoba 2014, ikatengenezwa na Creative Assembly wa Uingereza na kutolewa na Sega. Ripley anasafiri hadi kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, na katika misheni ya 5, "The Quarantine", anaingia San Cristobal, hospitali ya kituo hicho, kutafuta vifaa vya kumtibu mwenzake aliyeumia. Daktari aitwaye Kuhlman anamtuma akatafute kadi ya mlango. Kuitafuta kadi hiyo wodini, huku zimwi limo mle mle, ndicho kipande nitakachokifanyia kazi.

Ijue kwanza hofu inavyopanda na kushuka

Kabla ya kuandika chochote, elewa jinsi zimwi linavyoendeshwa, kwa sababu humo ndimo utakamopata mahali pa kila mstari wako. Watengenezaji waliweka akili mbili. Ya kwanza ni kama mkurugenzi aliyekaa nyuma ya pazia: inajua wakati wote mchezaji yuko wapi, lakini haimpi zimwi jibu hilo. Inalielekeza tu upande fulani, "katafute kule". Ya pili ni ya zimwi lenyewe, na hiyo hutegemea macho na masikio yake. Ndiyo maana linakukaribia bila kukuangukia moja kwa moja.

Huyo mkurugenzi pia anapima umeishi katika hofu kiasi gani. Zimwi likiwa karibu nawe, au likiwa mbele ya macho yako, kipimo kinapanda. Kikijaa, analiondoa: linapanda kwenye matundu ya hewa darini na kukuachia nafasi. Kisha linarudi.

Kwa hiyo hofu ya gemu hii inakwenda kama bahari, inajaa na kupwa. Mimi niliandika skripti mbili nzima bila kulijua hilo, nikawa napanga utani na maelekezo kwa kufuata saa, kila sekunde 20 kitu kimoja, ili video isipoe. Zote mbili nilizitupa. Maji yakiwa yamepwa, mtazamaji ana nafasi ya kusikiliza maelekezo. Yakijaa, hana nafasi ya neno lolote. Yakianza tu kupwa tena, mwili wake unataka kushusha pumzi, na hapo ndipo utani unapopokelewa. Nikishapanga hivyo, mengine yote yanabaki kuwa kazi ya mikono.

Hatua ya kwanza: cheza na urekodi bila kusema

Usirekodi sauti yako wakati unacheza, angalau kwa gemu ya namna hii. Ipo sababu ya wazi: ukiwa unakimbizwa huwezi kutunga sentensi nzuri, utapiga kelele tu. Ipo na sababu ya gemu yenyewe. Kwenye PlayStation 4 yenye kamera na Xbox One yenye Kinect kuna chaguo la kuruhusu maikrofoni isikilize chumba chako, na zimwi likasikia sauti yako halisi. Likiwa limewashwa, mwongozaji anayeongea anajiua. Hakikisha limezimwa hata kama hukusudii kusema, maana jirani akipiga honi nje utapoteza kipande kizuri.

Kama unatumia programu ya kurekodi ya OBS, tenganisha sauti ya gemu na ya maikrofoni kwenye njia mbili tangu mwanzo, na uhifadhi faili kama MKV, ambayo inabeba njia zaidi ya moja bila shida. Sauti zikishachanganyika huwezi kuzitenganisha tena, na kazi yote ya kimya nitakayoieleza chini inahitaji uweze kupandisha sauti ya gemu peke yake.

Cheza kipande hicho mara tatu. Si kwa ajili ya kupata uchezaji bora. Unatafuta kujua nini kinajirudia na nini kinabadilika. Kadi iko palepale kila mara. Makabati hayahami. Matundu ya hewa hayahami. Wakati zimwi linaposhuka na upande linakotokea vinabadilika. Chora mstari katikati ya karatasi, yasiyobadilika kushoto, yanayobadilika kulia. Karatasi hiyo itakuokoa na kosa baya kuliko yote katika kazi hii, ambalo ni kumwahidi mtazamaji jambo lililokutokea wewe tu.

Hatua ya pili: andika maelekezo, na uangalie vitenzi

Mambo ya upande wa kushoto yaseme kama amri fupi: chuchumaa, pita mlango wa pili, chukua kadi. Kitenzi kitangulie. "Geuka kushoto baada ya kitanda" inamfikia mtu haraka kuliko "baada ya kitanda kile unachokiona pale, utakuwa unatakiwa kugeuka kushoto", maana hiyo ya pili inamfanya asubiri mpaka mwisho ndipo ajue vidole vifanye nini.

Mambo ya upande wa kulia yaseme kwa dalili, kamwe usiyaseme kwa muda. Usiandike "baada ya sekunde tano litashuka." Andika "ukisikia kishindo cha kushuka, ingia kabatini." Lugha yetu ina silabi moja inayofanya kazi hiyo yote, *-ki-*, na ndiyo nguzo ya mwongozo wa gemu isiyotabirika. Nikimaliza rasimu napitia kila sentensi inayotaja zimwi na kujiuliza kama ina *-ki-*. Isipokuwa nayo, mara nyingi nimetoa ahadi nisiyoweza kuitimiza.

Kabla ya hatari tumia *-ta-* pia: utaona kabati, utasikia hatua juu ya dari. Maelekezo yote ambayo mtazamaji atayahitaji ndani ya hatari lazima ayapate kabla yake, akiwa bado ametulia. Ukichelewa, utalazimika kuyasema katikati ya hofu na kuiua hofu yenyewe. Hatari ikipita tumia *-me-*: limepanda, limeondoka, umepona. Mtazamaji hatambui kwamba umepanga nyakati hivyo, lakini sikio lake linajua. Akisikia *-ta-* anajiandaa, akisikia *-me-* analegeza mabega.

Halafu kuna zawadi nyingine ambayo wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wanaikosa. Neno moja la Kiswahili ni sentensi kamili. "Limeshuka." Nani, amefanya nini, lini, vyote vimo, kwa chini ya sekunde moja. Kwa hiyo ndani ya hatari unaweza kusema jambo zima bila kuvunja hali. Nakushauri uamue mapema utakiitaje kiumbe hiki. Mimi naliita zimwi, na kila mara nalipa *li-*, kamwe sisemi "ameshuka", maana "ameshuka" inalifanya lionekane kama mtu aliyetoka kwenye daladala. Ukishalizoesha sikio la mtazamaji hiyo *li-*, baadaye huna haja hata ya kulitaja jina.

Je, mstari uwe mrefu kiasi gani? Nikisoma kwa utulivu natoa maneno kama 110 kwa dakika, yaani chini kidogo ya maneno mawili kwa sekunde. Jipime wewe mwenyewe kwa kusoma ukurasa mmoja na saa mkononi, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake. Ukijua idadi yako, pengo la sekunde 10 kwenye picha halikupi zaidi ya maneno 18, na ukiandika 25 utasoma mbio, na anayesoma mbio anasikika kama mwenye hofu mahali ambapo hakuna cha kuogopa.

Kuhusu kitambua mwendo, kile kifaa cha mkononi cha Ripley, usikiachie sentensi moja, kwa sababu wageni wengi wanauawa nacho. Kinaonyesha kinachotembea tu. Zimwi likitulia, nukta inatoweka. Hakionyeshi kimo, kwa hiyo nukta iliyo juu yako kwenye dari na iliyo mbele yako sakafuni zinafanana. Na kinatoa mlio, ambao zimwi likiwa karibu linausikia. Mambo hayo matatu ndiyo maelekezo yenye thamani kuliko yote wodini, na yanastahili sekunde 20 za maji kupwa.

Hatua ya tatu: kiandike kimya

Tuna tatizo letu la kulelewa, nami nalisema kwa mapenzi. Sikio la mtu wa Nairobi au Dar es Salaam limekua na mabanda ya video, ambako DJ Afro na Lufufu walisimulia filamu kwa sauti juu ya picha, na walikuwa mafundi. Msimuliaji wa banda hanyamazi, kwa sababu yeye ndiye lugha ya filamu nzima. Akinyamaza hadhira haielewi. Vijana wengi wanaoanza kurekodi gemu kwa Kiswahili wanaurithi mdomo huo bila kujua. Lakini mtazamaji wako wa gemu hahitaji umtafsirie hatua za zimwi. Anahitaji kuzisikia, kwa sababu atakapokaa na pedi yake mwenyewe, sauti hizo ndizo zitakazomwokoa. Kimya chako kinamfundisha kusikiliza. Kwa hiyo nacho ni elekezo.

Hili nilifundishwa na mpwa wangu wa miaka 16. Nilimpa video ya kwanza aifuate, akafa mara nne mahali pamoja. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mjomba, kila likishuka wewe unaongea. Nimejifunza sauti yako, yake siijui." Nilirudi kusikiliza. Kweli, mlio wa tundu la hewa kufunguka ulikuwa chini ya sentensi yangu kila mara.

Kwa hiyo nenda kwenye rekodi yako na uandike dakika na sekunde za kila sauti ambayo mchezaji lazima aijue: tundu kufunguka, kishindo cha kushuka, hatua, mlio wa kitambua mwendo, mwangwi wa kitu kinachopita ndani ya dari. Juu ya sauti hizo hakuna neno. Hiyo ndiyo sheria yangu moja isiyovunjwa. Kimya kianze sekunde mbili kabla ya sauti na kiishe sekunde mbili baada yake, ili sikio lipate nafasi ya kujitayarisha, kisha nafasi ya kuamini lilichosikia.

Kimya kina njia ya kuharibika. Mtazamaji akidhani sauti imekatika, ataangalia simu yake, atabonyeza kitufe cha sauti, na hofu imekwisha. Kinachotofautisha kimya cha makusudi na hitilafu ni sentensi inayokitangulia. Lazima iwe imekamilika na sauti yako ishuke mwishoni. Usinyamaze na sentensi ikining'inia. Mwanzoni mwa video, kimya cha kwanza kabisa kinastahili kutangazwa waziwazi: "Hapa nanyamaza. Sikiliza dari." Ukishafanya hivyo mara moja, vimya vinavyofuata havihitaji tangazo.

Urefu wake ni suala la kipimo na sikio. Chini ya sekunde 5 hakuna anayekiona, ni pumzi tu. Kati ya 8 na 25 ndipo kinapofanya kazi. Kikipita 30 hakikisha kuna kitu kinabadilika kwenye picha, na ikibidi mtazamaji apate elekezo humo, liwe maandishi mafupi kwenye skrini, neno moja au mawili, kama "BANA PUMZI". Maandishi hayaui hofu kama sauti inavyoiua.

Mahali pazuri kuliko pote pa kunyamaza ni kwenye kituo cha kusevu. Gemu hii unaisevu kwa mkono: Ripley anaingiza kadi kwenye kifaa cha ukutani, na taa tatu zinawaka moja baada ya nyingine kabla ya kazi kukubalika. Wakati huo wote zimwi linaweza kukushika kwa nyuma. Usiseme chochote juu ya taa hizo tatu. Eleza kabla: "Taa zitakuwa tatu, na mpaka ya tatu huna usalama." Kisha waachie watazamaji wazihesabu taa.

Hatua ya nne: utani, mahali pake na uzito wake

Utani kwenye mwongozo wa kutisha una kazi moja, kumpa mtazamaji ruhusa ya kushusha pumzi. Ukiuweka kabla ya hatari, unamwambia kwamba kinachokuja si cha kuogopa, naye atakuamini. Ukiuweka ndani ya hatari, unafunika sauti. Kwa hiyo mahali pake ni mara tu baada ya *-me-* ya kwanza hatari ikishapita. "Limepanda." Subiri sekunde mbili. Kisha utani.

Usizidi maneno 15, na usihitaji maelezo. Utoke kwenye kitu alichotoka kukiona, si kwenye habari za mjini, kwa sababu habari za mjini zitakuwa zimechacha kabla ya mwaka kwisha na video bado inatazamwa. Methali zinafaa sana, kwa sababu mtazamaji anaijua nusu ya kwanza na anangoja uitumieje. Mimi naepuka kabisa kuitania maiti na wagonjwa wa wodini. Gemu imeweka miili ile ili uhisi uzito wa hospitali, na ukiichekea, zimwi nalo linapungua ukubwa.

Kuna jaribio rahisi. Futa utani kwenye rasimu kisha usome kilichobaki. Kama elekezo lolote limepotea, basi ulikuwa umeficha elekezo ndani ya mzaha, na atakayecheka atalikosa. Vitenganishe. Kwa kipande cha dakika tatu, utani mara mbili unatosha. Nilipouweka mara tano, wa tatu ndio uliokuwa mzuri kuliko wote na hakuna aliyeucheka, kwa sababu walikuwa wameshazoea.

Kipande chenyewe

Huu ndio mstari kwa mstari wa video yangu, kuanzia tunapoingia wodini. E ni elekezo, K ni kimya, U ni utani. Nyakati ni za rekodi yangu, yako itakuwa tofauti.

0:00 E: "Tumo wodini. Tunatafuta kadi ya mlango aliyotutuma Dakta Kuhlman. Chuchumaa sasa, na usisimame mpaka nikuambie."

0:14 E: "Inua kitambua mwendo mara moja, kisha kishushe. Kinaonyesha kinachotembea tu, na hakikwambii kama kiko sakafuni au darini. Ukiona ute unadondoka kutoka kwenye tundu la dari, usipite chini yake."

0:36 E: "Utaona kabati kushoto kwako. Likumbuke. Ukisikia kishindo cha kushuka, ingia humo. Ukiwa ndani fuata maandishi ya skrini: jivute nyuma, bana pumzi. Hapa nanyamaza. Sikiliza dari."

0:52 K, sekunde 12. Ripley anatembea, kitu kinapita darini, tundu linafunguka, kishindo.

1:04 E: "Limeshuka."

1:05 K. Ripley anaingia kabatini. Maandishi kwenye skrini: KABATI.

1:11 K, sekunde 19. Zimwi linasimama mbele ya mlango. Maandishi sekunde ya nne: BANA PUMZI. Yatoke sekunde ya saba.

1:30 K. Linapanda kwenye tundu. Acha mlio wa tundu uishe.

1:36 E: "Limepanda."

1:40 U: "Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili limetujua leo tu, tulipe muda."

1:50 E: "Usitoke bado. Hesabu hadi tano, tazama kitambua mwendo, kisha toka ukiwa umechuchumaa. Pumzi uliyoibana imekupunguzia afya, kwa hiyo ukiwa na dawa, itumie sasa."

Tazama elekezo la 0:36. Ndilo linalobeba sekunde zote zinazofuata. Kwenye rasimu ya kwanza habari ya kubana pumzi ilikuwa 1:12, ndani ya kabati, nami nilikuwa naisema kwa mnong'ono nikidhani mnong'ono hauharibu kitu. Unaharibu. Mtazamaji akikusikia, anajua kuna mtu mwingine mle kabatini naye, na upweke wa Ripley ndio hofu yenyewe. Nilipoihamishia 0:36 nikapata zile sekunde 19.

Tazama pia kwamba 1:50 inaanza na "usitoke bado". Baada ya kicheko watu hukurupuka. Elekezo la kwanza baada ya utani liwe la kuzuia.

Namba za siri za milango sizitii kwenye skripti kwa kumbukumbu. Nasimamisha picha, naisoma namba kwenye skrini, naitaja tarakimu mojamoja mara mbili, na kuibakiza kama maandishi kwa sekunde 6. Namba moja iliyokosewa inamfanya mtazamaji aiache video nzima, na ana haki.

Hatua ya tano: kurekodi na kuchanganya

Soma skripti ukiwa unaitazama picha, hedifoni masikioni, na sauti ya gemu ikiwa chini. Usikitengeneze kimya kwa kukata sauti baadaye. Kaa kimya kweli kwa sekunde 19, mbele ya maikrofoni iliyowashwa. Sauti inayorudi baada ya kukaa kimya kweli ina ukavu fulani kooni ambao huwezi kuuigiza, na "Limepanda" yangu nzuri ilipatikana hivyo.

Zima feni. Feni ikisikika chini ya maneno yako kisha mhariri akakata sehemu zisizo na maneno, feni nayo inakatika, na kila kimya kinakuwa shimo. Kama joto halikuruhusu kuizima, rekodi sekunde 30 za chumba kitupu na uzilaze chini ya video nzima, ili mvumo uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie kile kichujio kinachofunga maikrofoni sauti ikishuka.

Kwenye kuchanganya, sauti ya gemu ishuke unaposema na ipande unaponyamaza. Programu ya kuhariri sauti ya Audacity ina kifaa cha kufanya hivyo, Auto Duck: weka njia ya gemu juu na ya sauti yako chini yake moja kwa moja, chagua ile ya gemu tu, kisha ukifungue. Kipimo cha Duck amount cha -12 dB kinafaa kuanzia. Badilisha Outer fade up length iwe sekunde 1 au zaidi, maana gemu ikiruka juu ghafla mara tu unaponyamaza, mruko huo unamwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kinakuja, kabla zimwi halijamwambia.

Hatua ya mwisho: mpe mtu ambaye hajawahi kuicheza

Usimwombe maoni. Mpe pedi na video, kaa pembeni na karatasi, na uandike mambo mawili tu. La kwanza, ni sekunde gani aliisimamisha video na kurudisha nyuma. Hapo elekezo lilikuja mapema mno au lilikuwa refu mno. La pili, ni sekunde gani macho yake yalitoka kwenye skrini. Yakitoka wakati wa kimya, ama kimya ni kirefu kuliko picha inavyokibeba, au hukumwandaa. Ukataji wa kwanza usiwe kwenye kimya. Rudi kwanza kwenye sentensi iliyokitangulia, uikamilishe, na ujaribu tena.

Mpwa wangu alipoifuata video ya pili alifika kwenye kabati, akaingia, na nikamwona anabana pumzi zake mwenyewe. Zimwi lilipopanda, hakungoja nimwambie. Alinyoosha kidole darini kabla ya 1:36 kufika, akasema, "Limekwenda, nimelisikia."